Somo la 6: Mashapo na Ufito wa Kinga katika Hita ya Maji

Hita ya maji yenye tangi huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuharibika kwa kifaa kinachoweza kubadilishwa: koili ya kupashia maji huungua, kidhibiti joto hukwama, au gasketi ya mpira huvuja. Hasara ya namna hiyo huondolewa kwa kununua kipuri. Njia ya pili ni kutoboka kwa tangi lenyewe. Tangi lililotobolewa na kutu halizibiki, na mwenye nyumba hulazimika kununua hita mpya nzima. Somo hili linahusu namna ya kuichelewesha njia hiyo ya pili kwa kazi mbili: kuondoa mashapo yaliyotuama chini ya tangi, na kukagua ufito wa kinga kabla haujaisha.

Maelezo yaliyomo yanahusu hita ya umeme ya kutundikwa ukutani kwa wima, yenye tangi la chuma lililopakwa enameli kwa ndani. Aina hiyo hupatikana katika nyumba nyingi, hasa zenye ujazo wa lita 50, 80 au 100. Hita ya gesi ina hatari zake za pekee na haimo katika somo hili. Hita ya papo kwa papo, ile ndogo ya bafuni isiyo na tangi, haina ufito wa kinga.

Linalotokea ndani ya tangi

Enameli ya ndani ya tangi ni ya jinsi moja na ile ya mabakuli na vikombe vya zamani vya bati: ngumu, laini, na isiyopitisha maji mahali ilipo nzima. Hata hivyo, hakuna tangi linalotoka kiwandani likiwa halina vitundu vidogo vidogo kwenye enameli yake, hasa penye maungio. Katika vitundu hivyo maji hukigusa chuma, na kama hakuna kinga kutu huanza hapo.

Kwa sababu hiyo mtengenezaji huweka ndani ya tangi ufito wa magnesiamu, ambao mafundi huuita anodi. Chuma na magnesiamu vikiwa vimeunganishwa na kuzama katika maji yale yale, umeme mdogo sana hupita kati yake, na metali iliyo nyepesi zaidi kuliwa ndiyo huliwa. Magnesiamu huliwa, chuma husalimika. Ufito umewekwa ili uishe badala ya tangi. Ukiisha wote, zamu ya kuliwa huwa ya tangi, na hakuna taa wala kengele itakayomjulisha mwenye nyumba.

Mashapo hutoka mahali pawili. Sehemu moja ni mchanga, tope na kutu vinavyoletwa na bomba. Sehemu nyingine ni chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo hujitenga maji yanapopashwa moto na kuwa ukoko mweupe. Maji ya visima vingi vya mwambao, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo chokaa nyingi zaidi inavyojitenga. Kwa hiyo kidhibiti kilichowekwa karibu na nyuzi 60 za Selsiasi hujenga ukoko kidogo kuliko kilichowekwa kwenye 75, na bado maji huwa na joto la kutosha kuzuia vijidudu kuzaliana tangini.

Ukoko huo huidhuru hita kwa namna tatu. Kwanza, hufunika koili, na koili isiyoguswa vizuri na maji hupata joto kupita kiasi mpaka ikapasuka. Pili, hufunika bomba dogo ambalo kidhibiti joto kimo ndani yake. Kidhibiti husikia joto la ukoko ulio karibu na koili na kukata umeme mapema, huku maji ya juu yakiwa bado vuguvugu. Tatu, hufunika ufito wenyewe na kuupunguzia uwezo wa kulinda. Ndiyo sababu kazi hizi mbili hufanywa pamoja.

Dalili, na namna ya kuzitofautisha

Sauti ya kuchemka au ya kupasukapasuka wakati hita imewaka ni dalili ya mashapo yaliyoizunguka koili. Maji moto yanayokwisha upesi kuliko zamani, au hita inayojizima kabla maji hayajapata moto, ni dalili nyingine ya mashapo, ingawa huweza pia kuwa kosa la kidhibiti.

Maji ya rangi ya kutu yanahitaji kupimwa kwa uangalifu. Jaza bilauri moja kutoka bomba la baridi na nyingine kutoka bomba la moto. Zikiwa zote mbili na kutu, chanzo ni bomba za nyumba au kisima. Ikiwa ya moto peke yake ndiyo yenye kutu, yamkini ufito umekwisha na tangi limeanza kuliwa. Hita hiyo ikaguliwe bila kungoja.

Kwa upande mwingine, ufito unaokaribia kuisha hauna dalili yoyote ya nje. Hita inaweza kutoa maji moto safi leo na kesho huku ufito umebaki waya mtupu. Kuujua hali yake ni kuutazama.

Kazi ya kwanza: kumwaga mashapo

Kazi hii mwenye nyumba aweza kuifanya mwenyewe kila baada ya miezi sita, au miezi mitatu ikiwa maji ni ya kisima chenye chokaa nyingi.

1. Zima hita kwenye swichi yake, kisha kwenye swichi kuu. Iache ipoe usiku kucha, kwa maana maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi kwa muda mfupi sana.

2. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita.

3. Fungua bomba la maji moto la sinki au la bafu na uliache wazi. Hapo ndipo hewa itakapoingilia. Bila hewa, maji hayatashuka.

4. Inua mkono mdogo wa vali ya usalama iliyo kwenye bomba la maji baridi chini ya hita, maji yatoke kwa mpira kwenda kwenye ndoo. Vali nyingi hutoa maji polepole, kwa hiyo uwe na subira.

5. Hesabu ndoo. Hita ya lita 80 inapaswa kutoa karibu ndoo nne za lita 20. Maji yakikatika baada ya ndoo moja au mbili, ama hewa haiingii, ama mashapo yameziba njia.

6. Maji yakiisha, fungua koki ya baridi kwa nusu dakika ili maji yaingie kwa nguvu na kuvuruga chini ya tangi, kisha ufunge na kumwaga tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe.

Vali ya usalama si koki ya kazi nzito, na chembe ya mchanga ikikwama ndani yake itaendelea kudondosha maji. Afadhali fundi aweke kiungo cha T chenye koki yake ya kumwagia maji kati ya vali na tangi, koki hiyo ikiwa kwenye tawi la pembeni. Ni marufuku kuweka koki kwenye njia yenyewe kati ya vali ya usalama na tangi, kwa kuwa koki hiyo ikifungwa kwa bahati mbaya, tangi halitakuwa na pa kupumulia.

Kazi hii ina mpaka wake. Mdomo wa bomba la maji baridi umesimama juu kidogo ya sakafu ya tangi. Tope jepesi litatoka, lakini vipande vizito vya ukoko hubaki chini ya mdomo huo hata ukimwaga mara kumi. Hivyo huondolewa kwa kufungua kifuniko cha chini peke yake.

Kazi ya pili: kufungua kifuniko na kutazama ufito

Kazi hii hufanywa mara moja kwa mwaka. Kwa kuwa inahusu kutenganisha nyaya za umeme, ifanywe na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme. Nchini Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA. Mwenye nyumba anapaswa kuwapo na kuelewa anachokitazama, maana uamuzi wa kubadili au kutobadili ni wake na gharama ni zake.

Kabla ya siku ya kazi, nunua gasketi mpya ya kifuniko na uulize bei ya ufito mpya wa modeli hiyo hiyo. Gasketi ya zamani ikishafunguliwa huwa imekandamizwa na haiaminiki tena.

Ikiwa hita imekaa wiki mbili au zaidi bila kutumika, fungua kwanza bomba la maji moto kwa dakika chache huku dirisha likiwa wazi, wala pasiwe na sigara wala moto karibu. Magnesiamu inapoliwa hutoa gesi ya hidrojeni, nayo hujikusanya juu ya tangi maji yasipotembea.

Fundi azime umeme, ahakikishe kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, apige picha ya nyaya zilivyofungwa, kisha azitenganishe. Tangi limwagwe kama ilivyoelezwa. Ndoo iwekwe chini ya kifuniko, kwa sababu lita chache husalia hata baada ya kumwaga. Nati zikifunguliwa, kifuniko hushuka pamoja na koili, bomba la kidhibiti na ufito wa kinga.

Mashapo yatolewe kwa mkono, kwa kijiko cha plastiki au cha mbao. Chuma kisiingizwe ndani ya tangi kukwangua, kwa kuwa kila mkwaruzo kwenye enameli ni kitundu kipya ambacho ufito utalazimika kukilinda. Koili iliyovaa ukoko ilowekwe katika siki kwa saa kadhaa, maungio ya nyaya yakiwa nje ya siki, kisha isuguliwe kwa brashi ya nailoni.

Kuusoma ufito

Ufito unaofanya kazi vizuri huwa na mashimomashimo na umepungua. Hiyo ni dalili njema. Ukionekana laini na mpya baada ya mwaka mzima, usifurahi upesi. Huenda haujaunganika na tangi: ama uzi wa skrubu umeshika uchafu, ama mtu ameuzungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, ama waya wake haukurudishwa mahali pake. Huenda pia maji ni ya mvua, ambayo yana chumvi chache mno za kupitisha umeme. Sababu itafutwe.

Ufito uliofunikwa na ganda gumu jeupe usuguliwe mpaka metali ionekane. Ganda likikataa kutoka, ubadilishwe. Ufito ambao waya wake wa chuma wa katikati umeanza kuonekana ubadilishwe pasipo mjadala.

Kati ya hali hizo kuna ule uliopungua tu, na hapa ndipo wengi hupotoka. Jicho hutazama unene, lakini kinacholinda tangi ni wingi wa metali, na wingi hupungua kwa haraka kuliko unene. Gawanya unene wa sasa kwa unene wa ufito mpya, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ufito uliobaki na unene wa robo tatu umebaki na metali zaidi kidogo ya nusu, kwani 0.75 × 0.75 ni 0.56. Uliobaki na nusu ya unene umebaki na robo tu ya metali. Pima mahali palipoliwa zaidi, siyo mahali palipo pazuri.

Mfano wa kufanyia hesabu

Tuchukue kaya ya watu watano huko Kigamboni, Dar es Salaam, yenye hita ya lita 80 na kisima chenye maji ya chumvichumvi kidogo. Chumvi huongeza umeme unaopita kati ya ufito na tangi, kwa hiyo magnesiamu huliwa upesi. Hita ina miezi 12 tangu ifungwe. Ufito mpya wa modeli hiyo una unene wa milimita 22. Fundi anaushusha na kupima mahali pembamba zaidi: milimita 17.

Fundi anasema, “Mama, huu bado mnene. Turudishe, tutautazama mwakani.” Je, anasema kweli?

Gawanya 17 kwa 22, utapata 0.77. Zidisha 0.77 kwa 0.77, utapata karibu 0.6. Imebaki asilimia 60 ya metali. Asilimia 40 imeliwa kwa miezi 12. Mwendo ukiwa ule ule, mwakani itabaki asilimia 20. Lakini ufito hauliwi sawasawa: kabla ya kufika kiwango hicho waya utakuwa umeonekana mahali fulani. Tena, kadiri enameli inavyozeeka, vitundu huongezeka na mwendo wa kuliwa huzidi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: Ufito huu utafika ufunguzi ujao ukiwa na angalau nusu ya metali yake? Jibu la kaya hii ni hapana. Ina njia mbili za busara. Ya kwanza ni kuweka ufito mpya leo, maadamu kifuniko kimekwisha kufunguliwa na gasketi mpya imekwisha kununuliwa. Ya pili ni kuurudisha na kufungua tena baada ya miezi mitatu, wakati itakapobaki karibu nusu. Lakini hapo italipa tena ujira wa fundi na gasketi nyingine. Njia ya kwanza ndiyo yenye gharama ndogo. Kama kisima kingekuwa na maji laini na ufito umebaki milimita 20, hesabu ingetoa asilimia 83, na kuurudisha kungekuwa sawa kabisa.

Kaya hiyo iandike vipimo hivyo pamoja na tarehe kwenye karatasi na kuibandika kando ya hita. Baada ya ufunguzi wa pili itakuwa inaujua mwendo wa maji yake yenyewe, na haitahitaji tena kubahatisha.

Kurudisha na kuwasha

Kifuniko kirudishwe na gasketi mpya, nati zikazwe kwa kuvuka, ya upande huu kisha ya upande wa pili, ili gasketi ikandamizwe sawa. Waya wa ardhi na waya wa ufito, kama upo, virudishwe mahali pake. Fungua koki ya maji baridi huku bomba la moto likiwa wazi, na ungoje mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema hewa. Tazama kifuniko kwa dakika kumi. Hapo ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua kwa muda mfupi.

Maji yakipata moto kwa mara ya kwanza, vali ya usalama inaweza kudondosha maji. Hilo si kosa. Lita 80 zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 65 huongezeka kwa zaidi ya lita moja, na ongezeko hilo lazima litoke mahali fulani. Usizibe kamwe mdomo wa vali hiyo. Ikiwa inadondosha hata hita ikiwa imezimwa na kupoa, huenda chembe imekwama, au msukumo wa maji ya bomba ni mkubwa mno.

Mipaka ya kazi hii

Maji yakivuja kutoka ndani ya ganda la nje, wala si kwenye kifuniko au maungio, tangi limekwisha kutoboka na ufito mpya hautalirudisha. Hita ya miaka mingi ambayo haijapata kufunguliwa huweza kukatika nati, au kuanza kuvuja mara mashapo yaliyoziba tundu yanapoondolewa. Fundi akueleze hatari hiyo kabla ya kuanza.

Maji moto yakinuka kama yai bovu, kuna wanaoshauri kuutoa ufito na kuziba tundu lake. Harufu itapungua, lakini tangi litaachwa bila kinga. Uliza badala yake ufito wa mchanganyiko wa alumini na zinki.

Haki yako unaponunua na unapotengeneza

Kabla ya kulipia hita, uliza kama tangi ni la enameli, na kama ufito na gasketi zake vinapatikana. Soma masharti ya dhamana: baadhi ya watengenezaji huifuta dhamana ya tangi ikiwa ufito haukukaguliwa kwa wakati. Baada ya matengenezo, dai ufito wa zamani uukabidhiwe, na risiti itaje ufito, gasketi na tarehe. Fundi akisema kwamba hita nzima imekufa, mwombe akuonyeshe mahali panapovuja.

Maswali ya kujipima

1. Ufito ulikuwa na unene wa milimita 20 na sasa una milimita 12. Imebaki sehemu gani ya metali? (Jibu: 0.6 × 0.6 = 0.36, yaani zaidi kidogo ya theluthi. Ubadilishwe.)

2. Kwa nini kumwaga maji kwa vali ya usalama hakutoshi kuondoa ukoko mzito? (Jibu: Mdomo wa bomba umesimama juu ya sakafu ya tangi.)

3. Bilauri ya maji moto ina kutu, ya baridi ni safi. Unafanya nini? (Jibu: Ufito na tangi vikaguliwe mara moja.)